Faida ya Msingi na Faida Iliyozimuliwa: Kipande cha Mwanahisa Kinapungulia Wapi

Katika ripoti ya mwaka 2020 ya kampuni ya magari ya Tesla ya Marekani, chini kabisa ya taarifa ya mapato, kuna mistari miwili inayofuatana ambayo wasomaji wengi huipita kana kwamba ni mmoja. Mstari wa kwanza unaeleza kwamba faida kwa kila hisa ilikuwa dola 0.74, na wa pili unaeleza kwamba ilikuwa dola 0.64. Mwaka ni uleule, faida inayogawanywa ni ileile ya dola milioni 690, na wakaguzi waliotia saini ni walewale. Kilichobadilika ni kigawanyo. Mstari wa kwanza umeigawanya faida hiyo kwa hisa milioni 933, na wa pili umeigawanya kwa hisa milioni 1,083. Hisa milioni 150 zilizoingia kati ya mistari hiyo zilikuwa bado ni ahadi tu: opsheni, yaani haki za kununua hisa kwa bei iliyopangwa mapema, walizopewa wafanyakazi na wakuu wa kampuni, hatifungani ambazo wenye nazo wana haki ya kuzibadilisha kuwa hisa, na waranti, yaani haki kama hizo za kununua hisa ambazo kampuni iliziuza sambamba na hatifungani hizo.

Namba ya kwanza huitwa faida ya msingi kwa kila hisa. Ya pili nitaiita faida iliyozimuliwa, kwa sababu kuzimua ndilo neno linalolieleza jambo hili kwa usahihi. Mpishi anayeongeza maji kwenye tui hapunguzi nazi iliyomo. Sufuria inajaa zaidi, lakini kila upawa unaochotwa unakuwa mwepesi kuliko wa awali. Ndivyo ilivyo kwa hisa. Faida ya kampuni haijaguswa, ila mwanahisa wa zamani anachota upawa mwepesi, kwa kuwa waliokaribishwa wameongezeka.

Wachambuzi wengi humshauri mwekezaji atumie mstari wa pili kwa kuwa ndio wenye tahadhari zaidi. Ushauri huo ni sahihi, lakini haujafika mwisho. Mwekezaji anayedhani kwamba mstari wa pili unamwonyesha kipande chake kitakavyokuwa siku ahadi zote zitakapotekelezwa anaisoma namba hiyo kwa maana isiyo yake. Kanuni zinazoitengeneza zinaacha nje sehemu kubwa ya ahadi hizo, na zinaziacha nje hasa katika nyakati ambazo mwanahisa angehitaji kuzijua.

Kampuni zilizoorodheshwa katika masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam zinafuata kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 33, maarufu kama IAS 33. Kiwango hicho kinaagiza kwamba mistari yote miwili ionyeshwe kwenye taarifa yenyewe, kwa uzito ulio sawa, hata pale kampuni inapopata hasara. Marekani ina kanuni zake, ambazo katika mambo ya msingi zinafanana na hizi. Njia nyepesi ya kuelewa namba hizi ni kuzikokotoa kwa mkono, kwa hiyo tuchukue kampuni ya kufikirika yenye hesabu za shilingi.

Kampuni hiyo ilianza mwaka ikiwa na hisa milioni 90, na tarehe 1 Julai ikauza hisa mpya milioni 20. Mwisho wa mwaka ina hisa milioni 110, lakini faida ya msingi haigawanywi kwa 110. Hisa zilizoingia katikati ya mwaka zilileta fedha zilizofanya kazi kwa nusu mwaka tu, kwa hiyo zinahesabiwa kwa nusu yake, yaani milioni 10. Wastani wa mwaka, ukipimwa kwa muda ambao kila hisa ilikuwapo, ni hisa milioni 100. Faida baada ya kodi ni shilingi milioni 1,200. Faida ya msingi kwa kila hisa ni shilingi 12.00.

Sasa tuje kwenye ahadi. Miaka kadhaa iliyopita kampuni iliwapa wakuu wake opsheni milioni 10, yaani haki ya kununua hisa milioni 10 kwa shilingi 60 kila moja, wakati wowote wapendao kabla ya muda wa mkataba kuisha. Masharti ya utumishi yamekwisha kutimizwa, kwa hiyo haki hiyo ni yao kamili. Kwa mwaka huu bei ya wastani ya hisa sokoni ilikuwa shilingi 80. Msomaji wa kawaida angetarajia kwamba faida iliyozimuliwa itaongeza hisa milioni 10 kwenye kigawanyo. Haifanyi hivyo.

Kanuni inachukulia kwamba wenye opsheni wamezitumia na wamelipa shilingi milioni 600. Kisha inachukulia kwamba kampuni imezitumia fedha hizo kununua hisa zake yenyewe sokoni kwa bei ya wastani ya shilingi 80, ambapo zinatosha kununua hisa milioni 7.5. Hisa milioni 10 zimetoka, milioni 7.5 zimerudi, na zinazobaki kuongezwa ni milioni 2.5 tu. Njia hii inaonekana kama mchezo wa kubuni, kwa sababu kampuni nyingi hazizitumii fedha hizo kununua hisa, lakini mantiki iliyomo ndani yake ni ya haki. Mwenye opsheni analipa shilingi 60 kwa kitu cha shilingi 80, kwa hiyo sehemu moja ya hisa anazopokea amezilipia bei kamili, na sehemu nyingine amepewa bure. Zilizotolewa bure ni hizo milioni 2.5. Ukizizidisha kwa shilingi 80 unapata shilingi milioni 200, kiasi kilekile unachokipata ukizidisha punguzo la shilingi 20 kwa hisa milioni 10. Kwa maneno mengine, njia hii haihesabu hisa zitakazotolewa. Inahesabu zawadi iliyomo ndani yake, kwa bei ya mwaka huo.

Ni maneno hayo ya mwisho, kwa bei ya mwaka huo, ambayo yanapaswa kumfanya mwanahisa asimame. Bei ya wastani ikipanda hadi shilingi 120, shilingi milioni 600 zitanunua hisa milioni 5 tu, na zawadi itakuwa hisa milioni 5. Ikifika shilingi 240, zawadi itakuwa milioni 7.5. Ikishuka chini ya shilingi 60, hakuna mtu mwenye akili atakayetumia opsheni yake, na kanuni itaziondoa zote kwenye hesabu kana kwamba hazipo. Opsheni ni zilezile, mkataba ni uleule na watu ni walewale, lakini idadi inayoingia katika faida iliyozimuliwa inapanda na kushuka pamoja na soko. Mwaka wa bei mbaya unaficha ahadi zinazosubiri mwaka wa bei nzuri.

Hatifungani zina hesabu ya namna nyingine. Tuseme kampuni yetu ilikopa shilingi milioni 1,000 kwa hatifungani zenye riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na wenye nazo wanaweza, badala ya kurudishiwa fedha zao, kupokea hisa milioni 12.5, yaani hisa moja kwa kila shilingi 80 walizokopesha. Hapa kanuni inachukulia kwamba ubadilishaji ulifanyika siku ya kwanza ya mwaka. Kama ungefanyika, kampuni isingelipa riba ya shilingi milioni 100. Lakini riba hiyo inapunguza kodi, na kwa kodi ya asilimia 30 gharama yake halisi kwa kampuni ni shilingi milioni 70. Kwa hiyo tunarudisha milioni 70 kwenye faida, na tunaongeza hisa milioni 12.5 kwenye kigawanyo. Kila hisa mpya inakuja na faida yake ya shilingi 5.60, ambayo iko chini sana ya 12.00, na kwa sababu hiyo inazimua.

Mpangilio wa hatua hizi una sheria yake. Tunaanza na ahadi inayozimua zaidi, ambayo ni opsheni, kwa kuwa hisa zake za bure haziji na faida yoyote. Shilingi milioni 1,200 kwa hisa milioni 102.5 inatupa shilingi 11.71. Kisha tunaongeza hatifungani: shilingi milioni 1,270 kwa hisa milioni 115, ambayo ni shilingi 11.04. Hiyo ndiyo faida iliyozimuliwa itakayochapishwa. Kama hatifungani hizo zingekuwa zinabadilishwa kuwa hisa milioni 5 tu, kila hisa mpya ingekuja na shilingi 14, jambo ambalo lingeipandisha faida kwa kila hisa badala ya kuishusha. Kanuni hairuhusu hilo. Ahadi yoyote inayoipandisha namba inaachwa nje, ili mstari wa pili usiwahi kupendeza kuliko wa kwanza.

Tumepata shilingi 12.00 na shilingi 11.04, tofauti ya asilimia 8. Mwenye kusoma haraka atahitimisha kwamba kipande chake kinaweza kupungua kwa asilimia 8. Tumtazame basi mwanahisa mwenye hisa milioni 1.1, ambaye leo anamiliki asilimia 1 kamili ya hisa milioni 110 zilizopo. Opsheni zote zikitumiwa na hatifungani zote zikibadilishwa, hisa zitakuwa milioni 110, ukiongeza 10, ukiongeza 12.5, jumla milioni 132.5. Hisa zake milioni 1.1 zitakuwa asilimia 0.83 ya kampuni. Kipande chake cha umiliki, pamoja na kura yake na haki yake ya gawio, kitakuwa kimepungua kwa asilimia 17. Ni zaidi ya mara mbili ya kile ambacho mistari miwili ya ripoti ilimdokezea.

Sitaki kutia chumvi hapa. Kupungua kwa kipande cha umiliki si sawasawa na kupungua kwa mali. Wenye opsheni wataleta shilingi milioni 600 taslimu, na deni la shilingi milioni 1,000 litafutika, kwa hiyo kampuni atakayokuwa anamiliki asilimia 0.83 yake itakuwa kubwa na yenye deni dogo kuliko ile aliyomiliki asilimia 1. Ndiyo maana naona kuna namba ya tatu inayostahili kukokotolewa na kila mwenye hisa, ingawa hakuna kiwango kinachoiagiza. Chukua faida ya shilingi milioni 1,200, rudisha milioni 70 za riba, kisha ukadirie fedha mpya za milioni 600 zitazalisha nini. Zikizalisha asilimia 10 kabla ya kodi, zitaongeza milioni 42 baada ya kodi. Jumla ni shilingi milioni 1,312, na ukigawanya kwa hisa milioni 132.5 unapata shilingi 9.90. Namba hiyo ina udhaifu wake: hisa milioni 20 zilizouzwa Julai zitafanya kazi mwaka mzima ujao, kwa hiyo faida ya mwakani inapaswa kuwa kubwa zaidi ya hii. Hata hivyo shilingi 9.90 inajibu swali ambalo 11.04 hailijibu kabisa, yaani mezani kutakuwa na wangapi iwapo kila mwenye mwaliko atakuja.

Tofauti hii inaingia moja kwa moja katika uamuzi wa kununua. Wanachama wa kikundi kimoja cha uwekezaji waliwahi kuniletea mahesabu yao wakitaka kulinganisha kampuni mbili kwa uwiano wa bei na faida. Mweka hazina wao, mama makini sana, alikuwa ametumia faida ya msingi kwa kampuni moja na faida iliyozimuliwa kwa nyingine, kwa sababu gazeti lililochapisha muhtasari lilikuwa limetoa namba moja tu kwa kila kampuni bila kusema ni ipi. Katika mfano wetu, kwa bei ya shilingi 80, uwiano ni 6.7 ukitumia faida ya msingi, 7.2 ukitumia iliyozimuliwa, na 8.1 ukitumia ile ya shilingi 9.90. Hisa inayoonekana rahisi kwa kipimo kimoja inaweza kuwa ya bei ya kawaida kwa kingine, na kosa la kuchanganya vipimo haliachi alama yoyote kwenye jedwali.

Turudi Tesla, kwa kuwa huko ndiko jambo hili linakoonekana kwa ukubwa wake. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilipata hasara. Faida ya msingi kwa kila hisa ilikuwa hasara ya dola 0.98, ikirekebishwa kwa mgawanyo wa Agosti 2020 uliofanya kila hisa kuwa tano, na faida iliyozimuliwa ilikuwa hasara hiyohiyo ya dola 0.98. Hakuna hata senti moja ya tofauti. Msomaji aliyetazama mistari hiyo peke yake angeamini kwamba hakuna ahadi yoyote inayoning'inia juu ya kipande chake. Mwaka uliofuata kampuni ilipata faida, na ghafla pengo la asilimia 14 likajitokeza.

Ahadi hazikuzaliwa kwa mkupuo mwaka 2020. Nyingi zilikuwapo tangu zamani. Kilichozificha ni hesabu ya hasara. Chukua kampuni yetu ya kufikirika na uipe hasara ya shilingi milioni 300. Kwa hisa milioni 100 ni hasara ya shilingi 3.00 kwa hisa. Ukiongeza hisa milioni 2.5 za opsheni, hasara inagawanywa kwa watu wengi zaidi na inakuwa shilingi 2.93, kana kwamba kuongeza hisa kumemnufaisha mwanahisa. Kwa kuwa kanuni inakataza namba ya pili kupendeza kuliko ya kwanza, ahadi zote zinaondolewa na mistari miwili inakuwa sawa. Mantiki haina kasoro, lakini matokeo yake ni kwamba kampuni changa zinazopata hasara, ambazo ndizo hasa zinazowalipa watu kwa opsheni na kukopa kwa hatifungani za kubadilishwa, ndizo ambazo mstari wa pili hauonyeshi lolote juu yake.

Nguvu ya pili ilikuwa bei. Hisa ya Tesla ilifunga mwaka 2019 kwenye dola 83.67, kwa kipimo cha baada ya mgawanyo, na ikafunga mwaka 2020 kwenye dola 705.67. Mei 2019 kampuni ilikuwa imeuza hatifungani za riba ya asilimia 2, zinazoiva mwaka 2024, ambazo kila dola 1,000 ingeweza kubadilishwa kwa bei ya dola 309.83 kwa hisa. Baada ya mgawanyo bei hiyo ikawa dola 61.97, yaani hisa 16 na ushei kwa kila dola 1,000. Kwa bei ya mwisho wa mwaka 2020, aliyekopesha dola 1,000 alikuwa ameshika haki ya kupokea hisa zenye thamani inayozidi dola 11,000. Mwanahisa wa kawaida naye alipata utajiri mwaka huo, na sidhani kama alilalamika. Lakini sehemu ya mafanikio ambayo yangekuwa yake peke yake ilikwenda kwa watu waliokuwa wamejiwekea kinga: kama hisa ingeanguka wangedai fedha zao kama wadai wengine, na kwa kuwa imepanda waliketi mezani kama wamiliki.

Na hata hisa milioni 1,083 hazikuwa zimebeba kila ahadi. Mwaka 2018 wanahisa waliidhinisha mpango wa opsheni za mkuu wa kampuni, Elon Musk, uliogawanywa katika mafungu 12, kila fungu likiwa takriban asilimia 1 ya hisa zilizokuwapo wakati huo, na kila moja likifunguka pale tu ambapo thamani ya kampuni sokoni na malengo ya mapato au ya faida vingefikiwa. Fungu la kwanza lilitimia mwaka 2020. Kwa mafungu ambayo malengo yake hayajafikiwa, kanuni inasema yasihesabiwe. Hapa tena kuna mantiki, kwa kuwa ahadi yenye sharti lisilotimia inaweza isitimie kamwe. Lakini mwanahisa anayenunua kwa sababu anaamini kampuni itakua, ananunua akiamini pia kwamba masharti hayo yatatimia. Hawezi kuhesabu ukuaji upande wa faida na kuusahau upande wa hisa.

Ni haki kusema pia kwamba kuna mahali ambapo namba iliyozimuliwa inazidisha ubaya. Tesla ilipouza hatifungani hizo ilinunua wakati huohuo kinga, yaani haki yake yenyewe ya kupokea hisa zake kutoka kwenye mabenki iwapo bei ingepanda, ili kufidia zile ambazo ingewapa wenye hatifungani. Kwa uchumi halisi kinga hiyo inapunguza kuzimuliwa. Kwa hesabu haihesabiwi, kwa sababu ingeipandisha faida kwa kila hisa. Ili kupunguza gharama ya kinga hiyo kampuni iliuza waranti kwa bei ya juu zaidi, na waranti zenyewe zinahesabiwa zinapofikia bei yake. Kwa hiyo upande mmoja wa mkataba unaonekana na mwingine hauonekani, na anayetaka ukweli mzima lazima auunganishe mwenyewe kutoka kwenye maelezo ya hesabu.

Liko jambo jingine la IAS 33 ambalo naliona halijadiliwi vya kutosha, nalo linahusu opsheni za wafanyakazi ambao bado hawajamaliza muda wa utumishi unaotakiwa. Kanuni inasema kwamba bei ya kununulia iongezwe thamani ya kazi ambayo mfanyakazi bado hajaifanya. Tuseme zile opsheni milioni 10 zilitolewa hivi karibuni, na kazi iliyobaki inathaminiwa kuwa shilingi 15 kwa kila opsheni. Bei inakuwa shilingi 75 badala ya 60. Hesabu ya fedha za kufikirika inakuwa shilingi milioni 750, zinanunua hisa milioni 9.375, na zinazoongezwa ni milioni 0.625 tu badala ya milioni 2.5. Opsheni zilezile zimepungua uzito kwa robo tatu kwa sababu tu ni mpya. Mwaka hadi mwaka, kadiri kazi inavyofanywa, uzito huo unaongezeka polepole, na msomaji anaona faida iliyozimuliwa ikishuka bila tukio lolote jipya.

Baadhi ya kampuni huepuka kuongeza hisa kwa kununua hisa sokoni na kuwapa wafanyakazi hizo badala ya kutoa mpya. Idadi ya hisa inabaki ileile. Wakurugenzi huitaja njia hiyo kwa fahari, na kwa kipande cha umiliki wana haki ya kufanya hivyo. Hata hivyo fedha zilizonunulia hisa hizo kwa shilingi 80, na kuzikabidhi kwa shilingi 60, zimetoka kwenye mfuko uleule ambao gawio lingetoka. Ukitaka kuona gharama hiyo usitazame faida kwa kila hisa. Tazama taarifa ya mtiririko wa fedha, kwenye sehemu ya ununuzi wa hisa za kampuni yenyewe, na ulinganishe kiasi kilichotumika na kupungua kwa idadi ya hisa. Mabilioni yakitumika na idadi isipungue, fedha hizo zimekwenda kulipia opsheni.

Katika ripoti nyingi za masoko yetu, mistari hii miwili imeunganishwa kuwa mmoja unaosomeka faida ya msingi na iliyozimuliwa kwa kila hisa, kwa sababu kampuni haina ahadi ya aina hiyo. Mara nyingi hiyo ni habari njema na ya kweli. Lakini mstari mmoja unaweza kumaanisha mambo mawili tofauti: kwamba hakuna ahadi, au kwamba ahadi zipo na zimeachwa nje kwa sababu mwaka huu zingepandisha namba. IAS 33 inaitaka kampuni iliyo katika hali ya pili izitaje ahadi hizo katika maelezo ya hesabu, na pia itaje hisa au ahadi kubwa zilizotolewa baada ya mwaka kufungwa. Aya hiyo huwa fupi, mara nyingi ya mistari mitatu au minne, na ndiyo ninayoisoma kwanza.

Kampuni ya uwekezaji ya TransCentury ya Kenya ni mfano wa upande wa pili wa hatifungani hizi. Iliorodheshwa Nairobi mwaka 2011, na mwaka huohuo ikakopa kwa hatifungani za dola zinazoweza kubadilishwa kuwa hisa. Zilipoiva Machi 2016, bei ya hisa ilikuwa imeanguka mbali chini ya bei ya kubadilishia. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuchukua hisa; waliokopesha walitaka dola zao, na kampuni haikuwa nazo za kutosha. Katika kujikwamua, mwekezaji wa Kimarekani, Kuramo Capital, aliingiza dola milioni 20 na kupata robo ya kampuni. Wanahisa wa zamani walizimuliwa, lakini si kupitia mlango uliokuwa umeandikwa katika hesabu. Hatifungani zilizoshindwa kuwa hisa kwa bei ya juu zilisababisha hisa mpya kutolewa kwa bei ya chini.

Kenya Airways ilipitia jambo kubwa zaidi mwaka 2017, na bila hatifungani za kubadilishwa kuwa chanzo chake. Madeni ya kawaida ya mabenki na mikopo ya serikali yaligeuzwa kuwa hisa kwa makubaliano yaliyofikiwa baada ya hasara za miaka kadhaa. Sehemu ya serikali ilipanda kutoka asilimia 29.8 hadi 48.9, kampuni iliyoundwa na mabenki yaliyokopesha ikapata asilimia 38.1, na KLM ikashuka kutoka asilimia 26.7 hadi 7.8. Madeni hayo yalipokopwa hayakuwa na kipengele cha kuwa hisa, kwa hiyo hakuna kanuni ya faida iliyozimuliwa ambayo ingeyaingiza kwenye kigawanyo, na kwa miaka hiyo ya hasara hata ahadi zilizoandikwa zisingeingia. Aliyeitabiri hali hiyo hakuisoma kwenye mistari ya faida kwa kila hisa. Aliisoma kwenye mizania, ambako mtaji wa wanahisa ulikuwa umeshuka chini ya sifuri huku madeni yakiendelea kukua.